Riba Moja, Gharama Mbili: Mkopaji Aulize Nini Kabla ya Kutia Sahihi



Wakulima wawili wa chai, mmoja wa Githongo kule Meru na mwingine wa Rukuriri kule Embu, wanataka kununua ng'ombe wa maziwa. Chukulieni kwamba kila mmoja anakopa shilingi 120,000 za kulipwa kwa miezi 12. Wakopeshaji ni tofauti, lakini wote wawili wanasema riba yao ni asilimia 18 kwa mwaka, yaani asilimia moja na nusu kwa mwezi. Wakulima hao wakikutana sokoni watasema wamekopa sawasawa. Mwaka ukiisha, mmoja wao atakuwa amelipa shilingi 9,900 zaidi ya mwenzake. Hakuna aliyedanganywa kuhusu asilimia. Tofauti imetoka mahali pengine: asilimia hiyo inahesabiwa juu ya pesa zipi?

Wa Githongo amepewa mkopo ambao maafisa huuita wa fleti reti, au riba ya fleti. Hapa riba huhesabiwa mara moja, juu ya kiasi chote kilichokopwa, na haibadiliki hadi siku ya mwisho. Asilimia 18 ya shilingi 120,000 ni shilingi 21,600. Kiasi hicho kinajumlishwa na mkopo, inakuwa shilingi 141,600, kisha kinagawanywa kwa miezi 12. Kila mwezi analipa shilingi 11,800. Katika hizo, 10,000 zinapunguza deni na 1,800 ni riba.

Wa Rukuriri amepewa mkopo wa ridyusing balansi, yaani riba ya salio linalopungua. Yeye pia anarudisha shilingi 10,000 za deni kila mwezi, lakini riba yake huhesabiwa juu ya deni lililobaki tu. Mwezi wa kwanza anadaiwa 120,000, kwa hivyo riba ni 1,800, sawa kabisa na ya mwenzake. Mwezi wa pili deni ni 110,000, riba inashuka hadi 1,650. Mwezi wa tatu ni 1,500. Inaendelea kushuka kwa shilingi 150 kila mwezi, na mwezi wa kumi na mbili ni shilingi 150 pekee. Zikijumlishwa, riba yote ni shilingi 11,700.

Mmoja amelipa riba ya 21,600, mwingine 11,700. Ile tofauti ya 9,900 inakaribia malipo ya mwezi mzima.

Mtazameni mkulima wa Githongo katika mwezi wake wa mwisho. Amesharudisha shilingi 110,000, na mkononi amebaki na shilingi 10,000 tu za mkopeshaji. Hata hivyo, riba anayotozwa mwezi huo bado ni shilingi 1,800, kana kwamba zile 120,000 zote ziko kwake. Hiyo ni asilimia 18 kwa mwezi mmoja juu ya pesa alizo nazo kweli. Analipia pesa ambazo amekwisha kuzirudisha. Ndiyo maana mkopo wake, ukihesabiwa kwa njia ya salio linalopungua, unakuwa na riba ya karibu asilimia 32 kwa mwaka, ingawa fomu inasema 18.

Kuna hesabu fupi ambayo mtu anaweza kuifanya kwenye simu kabla ya kutia sahihi. Kwanza tafuta riba ya mwezi wa kwanza. Katika mfano huu ni 1,800. Kwa mkopo wa fleti, izidishe kwa idadi ya miezi: mara 12 ni 21,600. Kwa salio linalopungua, chukua idadi ya miezi, ongeza moja, gawanya kwa mbili, kisha zidisha. Kumi na mbili na moja ni 13, nusu yake ni sita na nusu, na 1,800 mara sita na nusu ni 11,700. Wakopeshaji wengine hupanga malipo ya salio linalopungua yawe sawa kila mwezi. Hapo riba hupanda kidogo tu: katika mfano huu inakuwa kama shilingi 12,020.

Muda ukirefuka, pengo linapanuka. Mkopo huo huo ukilipwa kwa miezi 36, riba ya fleti inakuwa shilingi 64,800, zaidi ya nusu ya bei ya ng'ombe mwenyewe. Kwa salio linalopungua ni shilingi 33,300. Kwa hiyo anayeshawishika na malipo madogo ya kila mwezi na apige hesabu ya jumla kwanza.

Halafu kuna suala la kulipa mapema, na hili linawahusu hasa wanaopata pesa kwa msimu. Tuseme bonasi ya chai imeingia baada ya miezi sita, na kila mkulima anataka kumaliza deni. Wa Rukuriri anadaiwa shilingi 60,000. Akizilipa, riba inakoma, na anaokoa shilingi 3,150 ambazo angetozwa katika miezi sita iliyobaki. Wa Githongo anaweza kukuta mkataba wake unamtaka alipe miezi yote sita kwa 11,800, yaani shilingi 70,800. Haraka yake haimletei faida yoyote. Wapo wakopeshaji wa fleti wanaopunguza riba kwa anayemaliza mapema, lakini jambo hilo liwe limeandikwa kwenye mkataba kabla pesa hazijatoka.

Isidhaniwe kwamba riba ya fleti ni ghali kila mara. Fleti ya asilimia 10 kwa mwaka, juu ya shilingi 120,000 kwa miezi 12, ni shilingi 12,000. Salio linalopungua kwa asilimia 20 ni shilingi 13,000. Hapo fleti ndiyo nafuu. Na kama mkopo unalipwa wote kwa mkupuo siku ya mwisho, bila malipo ya kila mwezi, njia zote mbili zinaleta riba ile ile, kwa sababu deni halikupungua njiani. Kosa ni kulinganisha asilimia ya njia moja na asilimia ya njia nyingine.

Kwa hivyo anayekwenda benki, kwenye chama cha akiba na mikopo au kwa mkopeshaji mwingine yeyote, asiishie kuuliza, "Riba ni asilimia ngapi?" Aulize pia, "Mpaka nimalize, nitakuwa nimelipa shilingi ngapi kwa jumla, pamoja na bima na ada zote?" Kisha aombe ratiba ya malipo iliyoandikwa, yenye riba na salio la kila mwezi. Ratiba hiyo ndiyo itakayosema ukweli. Safu ya riba ikishuka mwezi baada ya mwezi, huo ni mkopo wa salio linalopungua. Ikibaki namba ile ile kuanzia juu hadi chini, hiyo ni fleti, hata kama afisa ameiita jina lingine. Na kama ratiba haipatikani, sahihi ingoje.