Bei ya Buti Inaanzia Mombasa
(Mazungumzo na wahazini wa vikundi, Litein)

Leo tuzungumze juu ya mabuti ya mpira, yale wachuma chai wanavaa shambani asubuhi wakati umande ni mwingi.

Tuseme kikundi kimeagiza jozi 500 kutoka ng'ambo kwa shilingi 400 kila jozi. Hizo ni 200,000. Nauli ya meli na bima ni 20,000, ushuru na kodi za forodhani 110,000, wakala wa forodha 12,000, na lori la kutoka Mombasa mpaka hapa 8,000. Jumla ni 350,000. Gawa kwa 500, kila jozi ni shilingi 700. Kumbe ile 400 ya ankara si bei ya buti hata kidogo! Anayeuza kwa 600 akidhani amepata faida amepoteza mia moja kwa kila jozi.

Sasa kuna mhazini atakayesema, "Hiyo 150,000 nitaiandika matumizi ya mwezi huu." Haya, tuone. Mwezi wa kwanza mnauza jozi 300 kwa 800, mnapata 240,000. Yeye anatoa 120,000 ya mabuti na 150,000 ya gharama zote, kisha anawaambia wanachama kuna hasara ya 30,000. Watu wananung'unika. Mwezi wa pili mnauza zile 200 zilizobaki, na daftari linaonyesha faida ya 80,000. Wanachama wanataka kugawana! Lakini biashara haikubadilika, ni daftari tu lilikosea.

Njia sawa ni kila buti libebe mzigo wake. Jozi 300 kwa 700 ni 210,000, kwa hivyo faida ni 30,000. Zilizobaki ghalani zinaandikwa 140,000, wala si 80,000. Mwezi wa pili faida ni 20,000. Ukijumlisha njia zote mbili unapata 50,000 ile ile. Tofauti ni mwezi gani.

Si kila shilingi inaingia. Mzigo ukichelewa bandarini kwa sababu karatasi hazikuwa tayari, mkatozwa 15,000 ya kuhifadhi, hiyo ni hasara ya mwezi huo. Buti halikuwa bora kwa kulala Mombasa. Na kodi ya ongezeko la thamani, kikundi kilichosajiliwa hudai irudishwe, kwa hivyo hakiiweki katika bei. Kikundi ambacho hakijasajiliwa hakirudishiwi, basi inaingia, kama nilivyofanya hapa.

Jambo moja bado: duka la jirani likianza kuuza kwa 650, nanyi mkalazimika kushuka, msiziache zilizobaki kwa 700 daftarini. Ziandikeni 650, na ile 50 ya kila jozi iwe hasara siku hiyo hiyo mnapoijua.

Risiti za wakala wekeni pamoja na ankara, katika faili moja. Mkaguzi akija ataziuliza hizo kwanza.