Siku Nne au Siku Mia Nne: Kusoma Chati ya Shilingi na Dola



Mada yangu inatokana na swali ambalo waagizaji wa magari hapa Mombasa hawachoki kuniuliza. Mtu ana ankara ya dola 40,000 ambayo anatakiwa kuilipa baada ya miezi miwili. Anafungua chati kwenye simu na kukuta mstari umekuwa ukipanda kwa wiki tatu. Maana yake shilingi inashuka, kwa kuwa chati yetu huhesabu shilingi ngapi zinanunua dola moja. Je, anunue dola leo au angoje?

Kabla ya kumjibu, huwa namwomba arushe sarafu mara mia na kuchora matokeo kwenye karatasi ya miraba. Ikianguka kichwa, apande mraba mmoja. Ikianguka mkia, ashuke mmoja. Wengi hushangaa wakimaliza. Wanatarajia mstari unaochezacheza palepale, lakini wanapata vilima, mabonde na mteremko mrefu ambao ungeweza kupewa kichwa cha habari gazetini. Mara nyingi mstari hukaa upande mmoja wa mahali ulipoanzia kwa muda mrefu mno. Sarafu haina nia yoyote, na mchoro wake bado unaonekana kama una nia.

Hata hivyo, mtikisiko huo una kipimo. Ukirusha mara mia, kwa kawaida utajikuta umbali wa miraba kama kumi kutoka ulipoanza, si mia, kwa sababu kupanda na kushuka hufutana kwa sehemu kubwa. Kumi ni kipeuo cha pili cha mia. Kanuni ni hiyo hiyo kwa fedha: chukua ukubwa wa mabadiliko ya kawaida ya siku moja, uzidishe kwa kipeuo cha pili cha idadi ya siku za biashara. Jibu ndilo umbali ambao sarafu hiyo ingeweza kwenda bila sababu yoyote ya maana. Mimi sianzi kusema habari za mwelekeo mpaka mstari uvuke mara mbili ya umbali huo.

Tuchukue randi ya Afrika Kusini, ambayo hununuliwa na kuuzwa duniani kote usiku na mchana. Kwa kawaida hubadilika kama asilimia 1 kwa siku dhidi ya dola. Mwezi una siku 21 hivi za biashara, na kipeuo cha pili cha 21 ni 4.6. Kwa hiyo randi ikipoteza asilimia 4 ndani ya mwezi, wachambuzi watapata la kusema, lakini hesabu inasema hilo ni jambo la kawaida.

Sasa tuje kwetu. Januari 2023 dola moja iliuzwa kwa shilingi 123 na ushei. Mwaka ulipokwisha ilikuwa inakaribia 157. Hiyo ni kama asilimia 27 katika siku 250 hivi za biashara, yaani wastani wa asilimia 0.1 kwa siku, hatua ndogo ambayo kwa siku moja hakuna anayeisikia. Lakini shilingi ile haikuwa ikitikisika kama randi. Tuseme, kwa ajili ya hesabu, kwamba mtikisiko wake wa siku ulikuwa asilimia 0.1 pia. Kwa kanuni yangu, siku nne zingetosha: mwelekeo umekupeleka asilimia 0.4, na mtikisiko wa siku nne ni 0.2, ambao mara mbili yake ni 0.4. Kuanzia siku ya tano, mwelekeo unatangulia.

Mteremko huo huo ukiuweka kwenye randi, utangoja siku ngapi? Mia nne. Siku 400 za biashara ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Ndiyo maana simwelewi mtu anayenifundisha kusoma chati bila kuniuliza kwanza ni chati ya sarafu gani. Mstari wa wiki tatu katika soko moja ni ushahidi, na katika soko jingine ni sawa na sarafu iliyorushwa.

Lakini msiondoke hapa na siku nne hizo kama dawa. Kanuni ya kipeuo inaichukulia kila siku kama shahidi anayejitegemea, na mwanzoni mwa 2023 mashahidi wetu walikuwa wameambiana. Soko la benki kwa benki lilikuwa limekwama, na aliyekwenda kununua dola benki aliambiwa bei iliyozidi bei rasmi kwa shilingi kadhaa. Bei rasmi iliifuata bei halisi polepole, senti chache kila siku. Mstari mlaini namna hiyo hauna mashahidi hamsini wa siku hamsini. Huenda una pigo moja tu lililokwisha kutokea, ambalo linatangazwa kwa vipande. Dalili yake si ngumu kuiona: siku zinaelekea upande mmoja karibu bila kurudi nyuma, na bei ya kaunta iko mbali na ile ya chati. Hapo linganisha wiki na wiki badala ya siku na siku, na tumia bei unayoweza kununulia kweli.

Mwelekeo wa 2023 ulikuwa wa kweli basi, na ulikuwa na sababu. Riba za Marekani zilikuwa zimepanda, na mbele yetu kulikuwa na hatifungani ya dola bilioni 2 iliyotakiwa kulipwa Juni 2024, nayo dunia ikijiuliza kama Kenya italipa. Mwishoni mwa Januari 2024 dola ilifika kama shilingi 160. Kwa kila kipimo cha chati, aliyesema itafika 170 alikuwa na hoja.

Katikati ya Februari serikali ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili inunue sehemu kubwa ya ile ya zamani. Hofu iliyokuwa imewafanya watu wafiche dola ikaondoka, na wenye dola wakakimbilia kuziuza. Mwishoni mwa Machi bei ilikuwa karibu 132. Mwagizaji aliyenunua dola zake 40,000 kwa 160 alilipa shilingi milioni 6.4; aliyengoja hadi Machi kwisha alilipa kama milioni 5.28. Chati haikuwa na alama yoyote ya hayo. Tarehe ya deni, kwa upande mwingine, ilikuwa imejulikana kwa miaka kumi.

Wapo waliokuwa wakitegemea wastani wa siku 50. Wastani huo husawazisha mtikisiko, ila kwa gharama: hukuonyesha hali ya siku 25 hivi zilizopita. Mwanzoni mwa Machi ulikuwa bado juu ya 150, huku bei yenyewe ikiwa chini ya 145. Isitoshe, anguko lile lilikuwa badiliko la mara moja kutoka ngazi moja hadi nyingine. Aliyeunganisha Februari na Machi kwa rula na kuuendeleza mstari angetarajia dola ya shilingi 100 kabla ya mwaka kwisha. Bei ilitulia karibu 129.

Na hapo ikabaki, 2024 hadi 2025. Fungueni chati ya mwezi mmoja wa kipindi hicho kwenye simu zenu mtaona milima! Programu hunyoosha kipimo cha wima kijaze kioo, hivyo safari ya kutoka 129.1 hadi 129.4 inaonekana kama korongo, kumbe ni asilimia 0.23. Someni namba za pembeni kabla ya kutazama umbo.

Utulivu huo nao unahitaji kusomwa. Akiba ya dola ya Benki Kuu ilipanda sana katika kipindi hicho, ishara kwamba dola zilizozidi sokoni zilikuwa zinanunuliwa. Mtikisiko ukizuiwa, kanuni yangu itakupa namba ndogo ya kupendeza ambayo haikuambii lolote kuhusu siku kizuizi kitakapolegea. Tena, mstari ulikuwa umelala dhidi ya dola tu. Mwaka 2025 dola yenyewe ilishuka dhidi ya yuro, kutoka kama dola 1.04 kwa yuro moja mwanzoni mwa mwaka hadi kama 1.17 mwezi Septemba. Kwa dola ya shilingi 129, yuro ilitoka 134 ikafika 151. Aliyeagiza mashine Ujerumani mwezi ule alilipa kama asilimia 12 zaidi kuliko mwanzoni mwa mwaka, na chati ya dola mfukoni mwake haikuwa imesogea.