Chakula cha Mtoto Aliyeanza Kupona Kuhara
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi wa Nguvumali, Tanga)



Napenda kusema nanyi juu ya siku zile ambapo kuhara kumepungua, lakini mtoto bado hataki kula. Wengi husema, "Tumbo lipumzike kwanza." Sivyo, utumbo hupona upesi ukipata chakula.

Nianze na vinywaji. Hapa pwani dafu halitupi taabu kulipata, nalo lina potasi nyingi, ambayo mtoto ameipoteza. Lakini chumvi yake ni haba, na chumvi ndiyo iliyotoka kwa wingi. Kwa hiyo dafu lisishike mahali pa dawa ya pakiti ya chumvi na sukari, ambayo pakiti moja huchanganywa na lita 1 ya maji safi. Soda na chai yenye sukari nyingi ziachwe kabisa, maana sukari ile huvuta maji ya mwili yaingie matumboni, na kuhara huzidi.

Sasa tuseme mtoto ana mwaka mmoja na nusu, na leo amehara mara mbili tu. Kila akihara, mama humpa dawa ile mililita 50 hadi 100, kwa kijiko, polepole. Akitapika, hungoja dakika 10, kisha huanza tena. Ziwa la mama halikatizwi. Vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku, huendelea siku 10 hadi 14, ijapokuwa kuhara kumekoma.

Katika chakula, kosa kubwa ni uji mwepesi. Uji wa namna hiyo ni maji matupu. Hujaza tumbo dogo wala hautii nguvu. Uinue kwa kijiko: ukimwagika kama maji, haufai, shurti ukae juu ya kijiko. Utiwe tui la nazi au kijiko kidogo cha mafuta. Baadaye mpeni ndizi mbivu iliyopondwa, mtindi, au wali laini na samaki aliyechambuliwa miiba vizuri. Mtoto huyu hawezi sahani kubwa. Apewe kidogo kidogo, mara sita kwa siku, wala asilazimishwe.

Kuhara kukiisha, kazi haijaisha. Mwongezeeni mlo mmoja kila siku kwa muda wa majuma mawili, ili arudishe uzito uliopotea. Kadi ya kliniki ndiyo itakayowaonyesha: mstari wa uzito ukipanda, chakula kimefanya kazi, ukilala au kushuka, mrudisheni kwa mganga.

Lakini mkiona macho yamedidimia, au mtoto amelegea, au hawezi kunywa, au choo kina damu, msingoje uji wala dafu. Mpelekeni mara moja kwenye zahanati iliyo karibu, au Hospitali ya Bombo.