Robo Saa ya Kubeba

Msikilizaji, mchana wa Februari hapa Busia mpakani, mpakizi anashuka kwenye lori na gunia la mahindi mgongoni. Utabiri umesema nyuzi 31. Hizo ni nyuzi za hewa ya kivulini, na yeye yuko juani.

Kipimo kinachomfaa kinaitwa WBGT. Kilibuniwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakianguka kwa joto mazoezini. Husomwa kwa vipimajoto vitatu. Cha kwanza huvishwa utambi wa pamba uliolowa maji safi, kikaachwa wazi kwa jua na upepo. Hewa ikijaa unyevu, maji yale hukauka polepole na nyuzi hubaki juu. Ndivyo jasho la mpakizi linavyoshindwa kumpoza. Cha pili kimo ndani ya tufe la shaba nyembamba, jeusi lisilong'aa, linalofyonza jua. Cha tatu hupima hewa tu.

Tuseme utambi unasoma 25, tufe 45, hewa 31. Tunachukua asilimia 70 ya utambi, 20 ya tufe na 10 ya hewa: 17.5, 9 na 3.1. Jumla 29.6.

Katika jedwali la Wamarekani wanaosimamia afya ya viwandani, kwa kazi nzito, kipimo kikivuka 29, mtu aliyezoea joto hubeba kwa robo saa tu katika kila saa, dakika 45 anapumzika. Kikivuka 30.5, kazi hiyo isimame. Aliyeajiriwa juzi asibebe kabisa kwenye 29.6, kwa kuwa mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea.

Ndugu zetu wa Tororo, kwenye saruji, wana tahadhari moja zaidi. Vumbi la kijivu likitanda juu ya tufe, jua linarudishwa na nyuzi zinashuka, ukadhani mambo ni salama. Lifute, subiri kama dakika 20, usome tena. Nyuzi zikipanda, ujue usomaji wa awali ulikuwa wa uongo.

Lakini mpakizi analipwa kwa gunia. Dakika 45 za kupumzika ni dakika 45 bila senti, na hakuna jedwali litakalomkalisha chini mtu mwenye karo ya kulipa. Kwa hiyo mzigo huu namtwika mwenye bohari: lipa kwa zamu, anza kushusha alfajiri, na jenga paa juu ya mahali pa kushushia, lenye dari chini ya mabati, maana bati tupu nalo huchoma.

Chini ya paa hilo, siku ileile, utambi ukisoma 24 na tufe 32, hesabu ya kivulini ni asilimia 70 ya utambi na 30 ya tufe, yaani 26.4. Hapo mpakizi yuleyule anaweza kubeba hadi dakika 45, akapumzika 15.