Ute Mweupe Juu ya Samoni

Msikilizaji, ukipika minofu ya samoni utaona ute mweupe ukichuruzika kati ya pande za nyama na kuganda juu yake kama maziwa yaliyokatika. Wengi hudhani ni mafuta, au dawa aliyodungwa samaki. Sivyo. Ni protini ya samaki mwenyewe, na ukiila haina madhara yoyote.

Wapishi huiita albumini. Samaki akiwa mbichi, protini hiyo imo ndani ya misuli, imeyeyuka katika majimaji yake, hivyo huioni. Moto unapopanda, nyuzi za misuli hujikunja na kuyakamua majimaji hayo hadi nje. Yakifika juu, joto huigandisha protini na kuigeuza nyeupe.

Ute kutoka kidogo ni kawaida hata kwa mpishi hodari. Ukitoka mwingi, ujue moto ulikuwa mkali au samaki amekaa jikoni kupita kiasi, na ukimkata utamkuta mkavu. Kuupunguza, koroga kijiko kimoja cha mezani cha chumvi katika kila kikombe cha maji baridi, loweka minofu dakika 10, ifute ikauke, kisha ipike kwa moto wa wastani. Chumvi hulegeza protini za juu, zisijikunje sana.

Lakini ute huu haukuambii kama samaki ni mzima au ameharibika. Hilo likague kabla ya kupika: akinuka vibaya, au akiteleza kwa utelezi unaonata, usimle.