Ujumbe wa Asubuhi ya Kwanza

Chukueni madaftari na kalamu, na mwenye simu aiweke karibu. Leo tutaandika ujumbe mfupi ambao watu wengi wameushindwa, nao ni ujumbe wa asubuhi ya kwanza baada ya watu wawili kukubaliana kuwa wapenzi.

Natutazame mfano. Tuseme yuko kijana seremala, mkazi wa Mpendae, hapa mjini Unguja. Amekuwa akihudhuria darasa la jioni. Zamani kila barua yake iliandikwa na mpwa wake, yeye akisema tu na mwenzake akishika kalamu. Jana jioni alikwenda Forodhani na binti mmoja fundi cherehani, pamoja na dada wa binti. Walikunywa juisi ya muwa, wakazungumza, na kabla ya kuagana walikubaliana. Yule binti alisahau glasi yake mezani, imejaa nusu, kwa kucheka.

Asubuhi kijana ameamka. Anataka kuandika, lakini mkono unamtetemeka. Anafikiri kumwita mpwa wake. Mimi namwambia, usimwite. Barua ya kudai fedha za mbao mwingine aweza kukuandikia. Lakini jana binti yule alisikia sauti yako, na leo akipata maneno ya mtu mwingine atajua mara moja. Heri sentensi fupi zenye mwandiko wako kuliko shairi la kuazima.

Basi kijana akaandika mwenyewe. Someni pamoja nami ujumbe wake wa kwanza, ambao bado hajaupeleka:

“Mpenzi habari za asubuhi. Sikulala usiku kucha. Jana nilikupenda sana. Natumaini hujabadili nia. Kama umebadili nambie tu, sitakasirika. Mwezi ujao naleta posa. Mbona hujanijibu?”

Kila neno hapo limetoka moyoni. Hata hivyo ujumbe huu una makosa manne, nasi tutayatazama moja moja.

Kosa la kwanza limo katika herufi mbili tu. Kijana ameandika “nilikupenda.” Tazameni ile “li” katikati. Inaeleza jambo lililopita, likaisha. Binti akisoma atajiuliza, “Ikiwa alinipenda jana, leo je?” Ukiitoa “li” na kuweka “me” unapata “nimekupenda,” yaani jambo lilianza, na mpaka sasa lipo. Andikeni maneno hayo mawili, moja chini ya jingine, na pigeni mstari chini ya “li” na “me.” Mwandishi asiyeangalia herufi hizo aweza kusema kinyume cha moyo wake.

Kosa la pili ni maneno ya shaka. “Natumaini hujabadili nia,” “kama umebadili,” “mbona hujanijibu.” Jana binti alisema ndiyo. Asubuhi hakuna aliyemwuliza tena isipokuwa huyu kijana mwenyewe, na kwa kumwuliza anamfungulia mlango wa kutokea ambao hakuutafuta. Tena anampa kazi ya kumtuliza mtu mzima kabla hajanywa chai. Neno “sikulala” nalo ni la namna hiyo hiyo. Kijana alitaka kusema ana furaha, lakini msomaji huona mtu mwenye taabu. Kujiamini katika ujumbe kama huu si kujisifu. Ni kulichukua neno la mwenzako kama alivyolisema.

Kosa la tatu ni posa. Kwa desturi yetu posa haipelekwi kwa simu asubuhi. Posa ina wazee wake na mshenga wake, na nyumba ya binti haijaambiwa kitu bado. Ahadi ya namna hiyo, ikiandikwa kwa haraka, humtia binti katika hesabu ya tarehe ambayo hakuiomba.

Kosa la nne halionekani katika maneno, bali katika mahali ujumbe unapofikia. Simu ya fundi cherehani hukaa mezani kando ya vitambaa. Mama aweza kuiokota, mdogo wake aweza kusoma kwa sauti. Basi andika kitu ambacho akikisoma mtu mwingine hakitamfedhehesha binti, lakini akikisoma yeye atakielewa zaidi ya wote. Jambo hili wanawake wetu wanalijua tangu zamani kwa kanga. Jina la kanga huandikwa mahali pa wazi, kila mpita njia hulisoma, lakini anayehusika ndiye anayelijua undani wake. Nalo ni fupi, mstari mmoja basi.

Sasa kijana anaufuta ujumbe wake na kuanza upya. Anaanza kwa salamu, kama tunavyosalimiana asubuhi. Kisha anataja kitu kimoja cha jana walichokiona wao tu. Kisha anathibitisha neno lake, mara moja, bila kuuliza. Mwisho anasema atafanya nini leo, ili binti asibaki akingoja bila kujua. Someni:

“Sabalkheri, mpenzi. Nimeamka nikicheka peke yangu kwa ile juisi ya muwa uliyoisahau mezani. Neno nililokwambia jana, leo asubuhi ni lile lile. Nakwenda kazini, nitakupigia baada ya alasiri. Uwe na siku njema.”

Angalieni ile juisi ya muwa. Maneno kama “wewe ni nyota yangu” mtu yeyote aweza kumwandikia mtu yeyote. Glasi iliyosahauliwa mezani ni ya hawa wawili tu. Utamu wa ujumbe umo humo. Angalieni tena kwamba hakuna alama ya kuuliza hata moja. Binti akitaka kujibu atajibu, na asipopata nafasi hajamkosea mtu.

Wakati gani aupeleke? Si alfajiri, watu wakiwa bado wamelala, wala si adhuhuri, mwenzake akiwa amekwisha kujiuliza maswali. Saa moja au saa moja na nusu asubuhi yatosha. Akishaupeleka, aiweke simu mfukoni na ashike randa yake. Asipeleke wa pili wala wa tatu. Binti huenda ana mteja anayepimwa nguo, au anatafuta maneno yake mwenyewe. Kimya cha saa tatu si jibu. Lakini kijana amesema atapiga simu baada ya alasiri, basi hapana budi apige. Akisahau, ujumbe wote mzuri wa asubuhi utakuwa umevunjika.

Tuseme saa sita binti anajibu hivi: “Sabalkheri. Juisi ile utanilipa. Na mimi neno langu ni lile lile.” Jibu ni fupi, nalo limetosha kabisa. Limeshika kitu kile kile na neno lile lile, basi kijana asianze kupima kwa nini halina “mpenzi” ndani yake. Huenda mdogo wake alikuwa amesimama karibu.

Sasa zoezi. Kwanza, andikeni sentensi tatu zenye “nilikupenda,” “nimekupenda” na “nitakupenda,” na mwambiane darasani kila moja inasema wakati gani. Pili, kila mmoja aandike ujumbe wa sentensi tano, wenye kitu kimoja cha jana alichokiona yeye na mwenzake. Wenye ndoa za miaka mingi nao waandike, na wakifika nyumbani waupeleke. Tatu, someni mlichoandika kwa sauti, mkitafuta maneno “kama,” “labda” na “natumaini.” Mkiyakuta, yafuteni, kisha msome tena.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.