Jirani Atamtambua Nani? Hazina ya Dondoo na Usiri wa Wahojiwa Mkoani Simiyu



Tafiti nyingi za kijamii huishia kwenye slaidi. Watafiti huzunguka Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, huhoji wakulima wa pamba na kujaza madodoso, kisha huja mbele ya wadau na slaidi zenye dondoo tatu nne kila moja. Chini ya dondoo huandikwa maneno kama “mwanamke, miaka 43, mjumbe wa bodi ya chama cha msingi, Itilima”. Kikao kikiisha, slaidi hupita mkono kwa mkono. Mwandishi wa ripoti anazitaka, ofisa mipango anazitaka, mwanafunzi naye anazitaka, na hapo ndipo huja wazo la kutengeneza hazina ya dondoo, yaani jedwali moja ambamo maneno ya wahojiwa yamepangwa kwa mada na majina yao yameondolewa. Hoja yangu leo ni kwamba hatari kubwa ya hazina hiyo huzaliwa na kule kupanga kwenyewe. Dondoo moja iliyofutwa jina inaweza kuwa salama, lakini dondoo sita za mtu yuleyule zikikusanywa zinaweza kumwonyesha waziwazi kwa jirani yake. Kwa hiyo kazi ya kuficha wasemaji haimaliziki kwenye dondoo mojamoja. Ni lazima irudiwe juu ya hazina nzima ikiwa imekwisha kupangwa.

Tuanze na kutoa dondoo kwenye slaidi. Kila dondoo hupewa mstari wake katika jedwali, pamoja na safu inayoonyesha imetoka kwenye mahojiano yapi na ukurasa upi wa unukuzi. Slaidi haifai kuwa chanzo cha mwisho, kwa sababu mwandaaji wake alikuwa akitafuta nafasi. Dondoo ileile huonekana kwenye slaidi mbili, mara ndefu, mara imekatwa, na msomaji asiyerudi kwenye unukuzi atadhani ni watu wawili wanaounga mkono jambo moja. Dondoo za dodoso zina tatizo lao. Kwenye swali la wazi, mara nyingi mdadisi huandika kwa kifupi alichosikia, kwa mfano “anasema dawa haiui wadudu”. Hayo ni maneno ya mdadisi, na kuyawekea alama za mtajo ni kumsingizia mhojiwa. Aidha, katika mkoa huu mahojiano mengi hufanyika kwa Kisukuma na kuandikwa kwa Kiswahili. Jedwali lazima liwe na safu inayosema wazi kama mstari ni maneno yenyewe, tafsiri, au muhtasari wa mdadisi. Bila safu hiyo, aina tatu za ushahidi zitasomwa kana kwamba ni moja.

Kisha huja mada. Mada chache zenye maelezo thabiti ni bora kuliko nyingi zinazopandana. Kwa wakulima wa pamba zinaweza kuwa sita: mbegu na viuatilifu, mizani, malipo, makato ya pembejeo, uongozi wa chama cha msingi, na matumizi ya fedha za pamba nyumbani. Kila mada iandikiwe kinachoingia na kisichoingia. Malalamiko ya kilo kupungua, kwa mfano, yaingie kwenye mizani, na malalamiko ya fedha kuchelewa yaingie kwenye malipo, hata kama msemaji ameyataja kwa pumzi moja. Watu wawili wapange sehemu ileile ya dondoo kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Wakipishana mara kwa mara kwenye mada moja, maelezo ya mada hiyo hayajakaa sawa. Hapa pia huamuliwa kama dondoo ndefu igawanywe, na uamuzi huo, kama tutakavyoona, unagusa usiri kuliko unavyodhaniwa.

Sasa tutazame dondoo moja, ambayo nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya mhadhara huu: “Mimi mama Kulwa nilikuwa nashika mizani pale kwenye chama. Mwaka ule wa bei ya elfu moja mia mbili nilipeleka kilo mia nane arobaini, karani akaandika mia saba. Nilinyamaza kwa sababu ni shemeji yangu.” Mchambuzi wa haraka atafuta “mama Kulwa” na kuridhika. Lakini vitambulishi vimebaki vinne. Kazi ya kushika mizani katika chama kimoja hufanywa na watu wachache, na mwanamke aliyewahi kuifanya huenda ni mmoja tu. Bei ya shilingi 1,200, ikisimuliwa kama ya zamani, humpeleka mkulima kwenye msimu wa 2019, ambao wengi wanaukumbuka kwa sababu malipo yalichelewa. Kilo 840 zikiwa 700 ni tarakimu ambazo bado zinaweza kuwamo katika daftari la chama. Na ushemeji unaunganisha watu wawili, kiasi kwamba kumjua mmoja ni kumjua mwingine.

Hata kuchagua jina la kubuni kunahitaji uangalifu Usukumani. Kulwa na Doto ni pacha, na Shija ni mtoto anayefuata pacha. Mtafiti anayembadilisha mhojiwa kuwa “mama Shija” amempa familia ambayo hana, na pengine ambayo jirani yake anayo. Ni salama zaidi kuachana na majina kabisa. Dondoo yetu ingesomeka hivi: “Nilikuwa [na kazi katika chama]. [Msimu mmoja] nilipeleka [pamba], karani akaandika [pungufu kwa takriban sehemu moja ya sita]. Nilinyamaza kwa sababu ni [ndugu].” Mabano ya mraba humwambia msomaji kwamba hapo pameguswa. Kilichobaki ndicho kinachoibeba mada: aliyezijua mizani kwa ndani alipunjwa, na undugu ukamfunga mdomo. Kanuni ni kufuta au kupanua maana, wala si kuweka uongo mahali pa ukweli. Kila badiliko liandikwe katika faili ya ufunguo inayohifadhiwa mbali na hazina.

Mpaka hapa tumeshughulikia mstari mmoja. Tuchukulie sasa hazina ina dondoo 240 kutoka kwa wahojiwa 40, wastani wa dondoo sita kwa kila mtu, na kila mstari una msimbo wa kudumu wa msemaji, tuseme S17. Kwenye mada ya mbegu, S17 anasema shamba lake liko kando ya mto. Kwenye uongozi, kwamba aliwahi kuwa na kazi katika chama. Kwenye makato, kwamba anadaiwa pembejeo alizochukulia kaka yake. Kwenye matumizi ya nyumbani, kwamba analea pacha. Hakuna mstari hata mmoja unaomtaja, na kila mmoja ungepita ukaguzi. Lakini msomaji akichuja jedwali kwa S17 tu, anapata wasifu wa mtu mmoja. Hapo msimbo uliowekwa ili kulinda jina umekuwa uzi wa kushonea vipande.

Dawa yake ni kubadili misimbo kwa kila mada. Ndani ya mada ya mizani, mtu awe M3 katika dondoo zake zote. Ndani ya malipo awe P11. Na mpangilio uchanganywe ili namba zisifuatane na orodha ya mahojiano. Sifa za msemaji nazo zipunguzwe kulingana na nafasi yake. Mkulima wa kawaida anaweza kutajwa kwa wilaya, jinsi na rika pana, lakini kiongozi wa chama atajwe kwa mkoa tu. Katika kupima kama sifa hizo zinamficha mtu, kosa la kawaida ni kuhesabu wahojiwa. Wanawake watano wenye sifa fulani katika sampuli ya watu 40 hawana kinga ikiwa kila mmoja ni wa pekee katika chama chake. Swali la kuuliza ni watu wangapi kijijini wanaolingana na maelezo haya machoni pa mtu anayeishi pale.

Kuna watakaosema kwamba kubadili misimbo kunaua ushahidi, kwa sababu msomaji hataweza kujua kama dondoo kumi ni za watu kumi au za msemaji mmoja hodari. Pingamizi hili ni zito, na ndiyo maana msimbo hauondolewi ndani ya mada. Pale pale ambapo hoja inajengwa, msomaji anaona kwamba M3 amesema mara nne na wengine mara mojamoja. Kinachopotea ni uwezo wa kumfuata mtu kutoka mada hadi mada. Uhusiano huo ukihitajika, kwa mfano kati ya kupunjwa na kuacha kilimo cha pamba, mtafiti mwenye ufunguo anaweza kuuchambua na kutoa majibu kwa jumla. Nikiri pia kwamba njia hii ina mpaka wake: kisa cha pekee, au namna ya kusema isiyofanana na ya mwingine, huweza kuwaunganisha M3 na P11 bila msimbo wowote. Kisa kama hicho kiwekwe chini ya mada moja tu, au kisiwekwe.

Pingamizi la pili hutoka kwa wahojiwa wenyewe. Wapo wanaotaka majina yao yatajwe, na kuwanyima huonekana kama kuwapokonya sauti. Mtu ana haki ya kusimama na maneno yake, lakini ridhaa yake haimfungi shemeji. Mama wa dondoo yetu akijitaja, amemtaja karani pia. Ushuhuda wenye jina uchapwe peke yake, kwa ridhaa mahsusi na baada ya kupima nani mwingine anaguswa. Hazina ya watu wengi si mahali pake. Sheria nayo haiishii kwenye majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa zinazomhusu mtu anayeweza kutambulika, na mtu hutambulika kwa shemeji yake na kilo zake kama kwa jina lake.

Mwisho ni ukaguzi. Hazina isomwe na mtu anayeifahamu kata husika, mwanatimu aliyeapa kutunza siri. Mtendaji wa kijiji au katibu wa chama hafai, hata kama ndiye aliyewapokea watafiti. Aulizwe kila mstari unamkumbusha nani. Akitaja mtu mmoja, dondoo imeshindwa, hata akiwa amekosea, kwa maana anayedhaniwa kimakosa ataulizwa maswali yaleyale kwenye chama. Jedwali la kutolewa liwe faili mpya, kwani safu zilizofichwa kwenye Excel na maelezo ya chini ya slaidi hufunuliwa kwa kubonyeza mara moja. Na mwanzoni mwa hazina iandikwe ni dondoo ngapi zimeondolewa kwa ajili ya usiri na kutoka mada zipi. Mada ya mizani ikipoteza nyingi kuliko nyingine, msomaji asidhani kwamba wakulima hawakuwa na la kusema kuhusu mizani. Ajue kwamba hapo ndipo kusema kulikuwa na gharama kubwa zaidi, na hilo nalo ni tokeo la utafiti.